Mwaka Uliopita Chini ya Pazia

Mume wangu alikufa vuli ikiwa ukingoni, na kwa kawaida huo ndio wakati tulipokaa sakafuni kupanga mwaka wa duka. Nasema kupanga mwaka kwa kuwa ndivyo tulivyosema wenyewe. Wenye maduka makubwa pale Korogwe waliungoja mwaka uje na sikukuu zake, kisha wakatundika kanga mlangoni, basi. Sisi duka letu lilikuwa dogo, mkabala na stesheni, kaunta moja na rafu tatu, na mwenye duka dogo asiposema mapema hasikiki. Ndiyo maana tulichapisha karatasi za matangazo, tukazibandika mpaka Handeni.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Homa ilimshika siku ya gulio, akaenda nayo kwa siku chache tu, na tukamzika kwao Sindeni kwenye mvua. Sikulia. Baadhi ya wanawake walisema nimejaliwa subira, wengine wakasema wazi kwamba watu wa milimani tuna mioyo migumu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mume wangu alikuwa akiwaonya wateja wasibishane nami bei kabla sijanywa chai. Lakini siku zile hata hasira haikuja. Nilisikia wanayosema, nikaona ni sawa, wanaweza kusema.

Nilirudi Korogwe kukaa eda, miezi minne na siku kumi, katika chumba cha nyuma ya duka. Mama mkwe alikuja kukaa nami. Alikuwa Mzigua wa Sindeni, mama mfupi mwenye amri nyingi, na eda kwake haikuwa jambo la kupunguzwa. Nilivaa nyeupe, sikutoka, sikuonekana na mwanamume asiye maharimu wangu. Kati ya chumba na duka palikuwa na pazia la kitambaa cha maua tulilolitundika tulipooana. Kuanzia siku ile nililiona duka langu kwa masikio. Nilijua mteja ameshika kitu gani kwa jinsi alivyokishusha.

Aliyeshika duka ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. Alikuwa na biashara zake Handeni, ananunua mahindi na pamba za wakulima, hivyo alikaa Korogwe siku chache, akarudi Handeni kwenye gulio, akaja tena. Hakuwa mtu mbaya. Naliandika hili kwa sababu watu wakisikia habari ya shemeji na mali ya marehemu wanajua tayari hadithi wanayoitaka. Yeye alikuwa amechoka tu, na amefiwa kama mimi.

Baada ya hitma ya arobaini alisimama upande wake wa pazia akakohoa.

"Shemeji."

"Abee. Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nataka tuzungumze habari ya duka. Mimi siwezi kuishi barabarani kati ya huku na Handeni. Na wewe peke yako, bila mtoto, bila mwanamume ndani, sioni utaliendeshaje. Nimefikiri hivi. Tuuze mpaka Iddi. Duka likisimama, litasimama. Lisiposimama, nitapakia bidhaa twende nazo Handeni, na wewe haki yako utapewa kama sheria inavyosema, urudi kwa kaka yako Vuga."

Nilijua maana ya kurudi Vuga. Kaka yangu alikuwa na nyumba ya vyumba viwili na watoto saba, na wifi ambaye tangu siku ya kwanza hakunipenda. Ningekuwa yule shangazi anayelala na watoto na kuamshwa wa kwanza. Lilikuwa jambo la kuogopesha, na nilingoja nione kama nitaogopa. Sikuogopa. Nikamjibu tu, "Basi itabidi tupange mwaka."

"Mwaka gani?"

"Mwaka wa matangazo. Iddi haiji bila kuitwa."

Hapo nieleze kazi yenyewe, kwa sababu yeye naye ilibidi nimweleze. Kazi ya tangazo ni kuhesabu kinyumenyume. Unaanza na sikukuu, kisha unarudi nyuma. Karatasi lazima iwe ukutani majuma mawili kabla, maana mtu hanunui siku anayoisoma. Anaisoma, anaondoka, anamwambia mkewe, mkewe anakasirika, ndipo wanakuja. Kabla ya hapo mchapaji wa Tanga anataka majuma mawili, kwa kuwa ana kazi za watu wengine, na wakubwa kuliko wewe. Kabla yake kuna juma la prufu, yaani ile karatasi ya kwanza anayokuletea uikague, uiandike makosa pembeni na kuirudisha kwa treni. Na kabla ya hilo kuna juma la kuandika. Ukijumlisha, maneno ya sikukuu yanaanza majuma sita kabla ya sikukuu. Mtu anayekaa kuandika habari za Iddi mwezi wa mfungo umeshaandama anaandika ili afurahi mwenyewe.

Kuandika ilikuwa kazi yangu, kwa kuwa nilisoma shule ya wasichana ya misheni huko milimani hata kabla sijaolewa na Mwislamu na kusilimu. Mume wangu aliandika kama anagombana. Yeye alikwenda Tanga. Alichagua kanga kwa Wahindi wa jumla, akaja na vipande vya mfano, mimi nikaandika, yeye akayapeleka maneno kwa mchapaji, akaleta karatasi. Tuligawana kazi hivyo kwa miaka yetu yote.

Karatasi ya mwaka tuliitengeneza kwa kaki ya kufungia misumari, mimi na mama mkwe tukiziunga kwa gundi ya unga. Nikachora vyumba hamsini na viwili, kila juma chumba chake. Tatizo likawa namna ya kuifanyia kazi na shemeji. Mama mkwe alifikiri kidogo, kisha akaisukuma karatasi chini ya pazia mpaka nusu ikatokea dukani. "Mwezi wa kwanza mpaka wa sita uko kwa nani?" akauliza. Nikamwambia uko kwangu. "Basi yeye ashike iliyobaki, mtakuwa mnaivuta." Tukaupanga mwaka hivyo, tumepiga magoti pande mbili, na kila nilipotaka kuona Agosti nilivuta na yeye akabaki na miezi ya mwisho tu.

Shemeji alipoona vyumba vyote vile alitafuta njia ya mkato, kama mtu yeyote mwenye akili.

"Kwani karatasi ya mwaka jana ipo?"

"Ipo."

"Si tuinakili hiyo hiyo?"

"Mwaka jana Pasaka ilitangulia, Iddi ikafuata. Mwaka huu Iddi inatangulia."

"Nani kaigeuza?"

"Mwezi, shemeji. Mfungo unarudi nyuma siku kumi, kumi na moja kila mwaka. Na Wakristo Pasaka yao ina hesabu yake, safari hii imesogea mbele. Ukinakili mwaka jana utawauzia watu nguo za sikukuu wakati wameshavaa za dukani kwa jirani."

Nilimsikia akicheka kwa pua, na kwa nukta moja ilikuwa sauti ya marehemu kabisa. Mama mkwe naye aliisikia. Akainuka akaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni.

Yasiyohama tuliyaandika kwa wino: kufunguliwa kwa shule, ambako mwaka ule tulikuwa tumeshakupoteza, majembe ya masika, mavuno, Krismasi. Yanayohama yalikuwa ya penseli. Iddi mbili, Maulidi, na Pasaka niliyoisoma kwenye kalenda ya misheni aliyoniazima jirani. Na kwenye karatasi ya Iddi hatukuchapisha tarehe hata siku moja. Tuliandika "mwezi ukiandama," kwa sababu ukiandika tarehe na mwezi usionekane utakuwa umewadanganya watu wote kwa pamoja, tena kwa maandishi.

Kisha akataka kila mwisho wa mwezi tuweke karatasi, kwa kuwa ndipo watu wana pesa. Nikamwambia huo ni mwisho wa mwezi wa makarani na watu wa reli. Wengi wa wateja wetu walikuwa wa mashamba ya mkonge, na wao hawakulipwa kwa mwezi. Walilipwa kwa kipande. Mtu alikuwa na kadi yake, akimaliza kazi ya siku anatiwa alama, na siku thelathini zikijaa ndipo analipwa. Aliyeumwa, aliyelewa, aliyekwenda msibani, kipande chake kilichelewa kujaa. Kwa hiyo kambini kila juma palikuwa na watu wenye pesa na watu wasio nazo, na haikuwa kazi ya duka kujua nani ni nani. Karatasi ya kambini ilitakiwa ikae ukutani muda mrefu na iseme kitu ambacho hakizeeki.

"Kumbe," alisema shemeji. Halafu na yeye akanifundisha yake. Mimi nilikuwa nimepanga karatasi za Handeni ziondoke pamoja na za Korogwe. Akavuta mwaka upande wake, akaweka kidole Machi. "Hapa masika yanaanza. Basi likikwama, karatasi zako zitalala njiani. Za Handeni ziende juma moja mbele. Na usibandike tu. Kang'ata na Kwedizinga wanaojua kusoma ni wachache, mpe mpiga mbiu asome gulioni. Andika sentensi fupi, mtu azimalize kwa pumzi moja." Nikaandika hivyo. Kisha akaonyesha majuma ya pamba, ambayo tuliyaweka vibaya miaka yote, na nikayasogeza.

Tulimaliza alasiri ya tatu. Nilipouangalia mwaka mzima pale chini, wenye alama zake za wino na penseli, nilitegemea nitaona kitu. Uchungu, au matumaini, chochote. Niliona karatasi ya kaki. Nikaikunja.

Kwa mujibu wa karatasi ile, maneno ya Iddi yalitakiwa yaanze katikati ya Februari. Lakini huwezi kutangaza kanga ambazo hujaziona, na shemeji alichelewa kwenda Tanga kwa sababu ya mahindi yake. Alipoleta vipande vya mfano, juma zima lilikuwa limepotea. Nikaangalia vyumba nione pa kukata. Mchapaji hakatiki. Ukuta haukatiki, watu lazima wapewe muda. Nikakata juma la prufu. Maneno yangu nayajua, nilisema, mchapaji anatujua, tusonge mbele.

Niliandika karatasi ya Iddi nimekaa kwenye mkeka, nimevaa nyeupe. "Kanga mpya zimeingia, nyekundu na nyeusi, maua makubwa." "Kanzu za watoto na kofia zake." "Usingoje mwezi uandame, njoo uchague mapema." Maneno ya furaha yalikuja bila shida. Hilo ndilo lililonishangaza baadaye, kwamba furaha inaweza kuandikwa na mtu asiye nayo na isijulikane. Nilihesabu pumzi za mpiga mbiu, nikafupisha sentensi mbili, nikampa mama mkwe apitishe kwa mwanawe. Shemeji akaituma Tanga kwa treni.

Karatasi zilirudi mfungo umeshaanza, furushi moja limefungwa kwa kamba ya katani. Shemeji alilisukuma chini ya pazia, kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa nikizigawa mafungu: za stesheni, za kambi, za Handeni. Nikafungua. Chapa ilikuwa nzuri. Maneno yalikuwa yangu, hayana kosa. Kisha nikafika chini kabisa.

Chini kabisa, kwa herufi nene, palikuwa pameandikwa: "Sisi wawili, mume na mke, tunawakaribisha."

Mstari ule ulikuwa mguu wa karatasi zetu zote tangu mwanzo. Mimi sikuwahi kuuandika. Nilidhani kila mara mume wangu anauongeza mwenyewe akifika Tanga, kwa mkono wake, na kusema kweli ni jambo lililonifurahisha miaka yote, kwamba kila sikukuu anakumbuka kuniweka. Kumbe wachapaji hawafanyi kazi hivyo. Kitu kinachorudi kila safari hawakivunji. Wanakifunga herufi zake kwa uzi, wanakiweka rafuni, na kazi ikija wanakitia chini yake. Alikuwa ameuandika mara moja tu. Herufi zile zilikaa rafuni Tanga zikingoja, hazikujua habari za homa. Kama prufu ingekuja, ningeuona na kuukata kwa mstari mmoja wa penseli.

"Zimekuja vizuri?" aliuliza shemeji.

Nikamsomea mguu. Akasema, "Haziwezi kutoka hivyo. Zichomwe."

"Hakuna muda wa kuchapa nyingine."

"Watu wote walikuja mazikoni, shemeji. Utawabandikia hiyo ukutani?"

Mama mkwe alikuwa akichambua mchele. Hakujua kusoma. Akasema, "Nisomeeni na mimi." Nikamsomea. Akasema nirudie, nikarudia. Akauweka ungo chini.

"Kila karatasi imeandikwa hivyo?"

"Kila karatasi, mama."

"Yote iko chini? Haijachanganyika na maneno mengine?"

"Iko chini peke yake."

"Nipe mkasi."

Alikata karatasi ya kwanza polepole, akaniuliza kama amegusa neno lolote la kuuzia. Hakugusa. Basi akaendelea, karatasi baada ya karatasi, akishika kila moja kwa vidole viwili, na alipochoka nikapokea mkasi, na nilipochoka akaupokea. Adhuhuri ikaingia tukasali, tukarudi. Vile vipande vya chini vilijaa kwenye ungo. Kwenye saa ya futari alivikusanya, akawashia moto wa uji, kwa sababu kuni zilikuwa mbichi na karatasi ni karatasi. Niliutazama moto ule, nikawa nafikiri tu kwamba uji utawahi.

Siku iliyofuata karatasi za Handeni ziliondoka na basi la asubuhi, juma moja mbele kama alivyosema shemeji mwenyewe, fupi kidogo kuliko za mwaka jana.

Lakini lile kosa lilikuwa limefungua jambo jingine. Pamoja na furushi mchapaji alituma salamu na swali. Alikuwa amesikia msiba wetu, baada ya kuchapa, kwa mtu wa treni. Alitupa pole. Akauliza avunje ule mguu au auache, na akiuvunja, aweke nini mahali pake, kwa kuwa alitaka kuufunga upya kwa kazi za mwaka mzima.

"Mwambie angoje," alisema shemeji. "Baada ya Iddi tutajua."

Nilikuwa nimeikunjua karatasi ya mwaka mbele yangu. Nikaisukuma mpaka Machi na Aprili zikawa chini ya pazia, nusu kwangu, nusu kwake.

"Hatuwezi kungoja, shemeji."

"Kwa nini?"

"Hesabu mwenyewe. Pasaka ni katikati ya Aprili. Rudi nyuma majuma mawili ya ukuta. Mawili ya mchapaji. Moja la prufu, na safari hii prufu sikati. Umefika wapi?"

Nikakiona kidole chake kinatambaa chini ya pazia. Kikarudi chumba hadi chumba, kikasimama.

"Juma hili."

"Juma hili. Maneno ya Pasaka yanaondoka kesho kutwa. Iddi bado majuma mawili na zaidi. Na yakiondoka lazima yawe na mguu. Kwa hiyo kama duka linafungwa, nisiandike Pasaka, nikunje karatasi hii na tupumzike. Kama halifungwi, lazima lisemwe ni la nani. Iddi haiwezi kutujibia."

Ndivyo mwaka ule ulivyokaa. Si mimi niliyeupanga hivyo kumnasa. Mwezi ulirudi nyuma, Pasaka ikaenda mbele, na juma la kuamua likaanguka kabla ya juma la kujua. Nilisema yote hayo kwa sauti niliyotumia kuomba chumvi. Ninaikumbuka sauti ile na hainipendezi mpaka leo, maana nilikuwa naombea maisha yangu na haikujulikana, hata kwangu mwenyewe.

Mteja aliingia, shemeji akamuuzia utambi wa taa, akarudi.

"Ungeandika nini?" aliuliza.

"Nini?"

"Huo mguu. Ungeandika nini? Maana si 'chini ya usimamizi wa kaka.' Mimi sikai hapa."

Nilichukua penseli. Nilikuwa nimeandika matangazo kwa miaka, kanga, majembe, mablanketi, sabuni, na sikuwahi kujiuliza mstari uanze vipi. Safari hii nilikaa. Mama mkwe alikuwa akinitazama mkono. Mwisho nikaandika kwenye kipande cha kaki, nikakipitisha chini.

Akasoma kwa sauti, taratibu, kama ilivyo kawaida yake. "Duka la mjane, mkabala na stesheni. Mwenyewe yupo."

Kwa siku zote zile watu walikuwa wameniita mjane, nyuma ya pazia na mbele yake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kujiita hivyo mwenyewe. Nilitazama nione kama kuna kitu kitatokea. Mama mkwe alisema, "Iko fupi. Mpiga mbiu ataimaliza," akarudi kwenye mchele wake.

"Eda haijaisha," alisema shemeji. "Utasemaje upo?"

"Zikibaki siku chache kabla ya Pasaka, eda itakuwa imeisha. Nimehesabu."

"Umehesabu na hiyo?"

"Hata hiyo iko kwenye karatasi, shemeji. Kwa wino."

Safari hii hakucheka. Nilisikia anakikunja kile kipande na kukitia mfukoni. Keshokutwa yake nilitegemea ataipeleka bahasha stesheni kama kawaida, lakini alifunga duka, akapanda treni mwenyewe, na funga yake, kwenda Tanga kumsimamia mchapaji mpaka ule mguu wa zamani uvunjwe mbele yake. Hakuniambia kwamba amekubali. Alimwambia mama yake tu kwamba atarudi kesho na kwamba nisiisahau ile pamba ya Agosti, niiandikie maneno mazuri.

Prufu ilikuja juma lililofuata, siku chache kabla ya Iddi. Dukani kulikuwa na watu, nilisikia kanga zikikunjuliwa na wanawake wakishindana juu ya rangi nyekundu, na shemeji akitaja bei kwa haraka kama mtu anayeogopa kuulizwa mara mbili. Aliipitisha prufu chini ya pazia. Nikaketi nayo karibu na dirisha. Nina namna yangu ya kukagua, naanza mwisho na kurudi mwanzo, neno kwa neno, ili maana isinidanganye nikaruka herufi. Kwa hiyo neno la kwanza nililolisoma lilikuwa yupo. Kisha mwenyewe. Kisha stesheni. Nikapanda mpaka mjane, nikaligusa kwa ncha ya penseli, herufi moja moja. Nikalisoma tena nikitafuta kosa, kwa sababu kama kungekuwa na kosa lolote, hata nukta, ningekuwa na haki ya kuirudisha karatasi ile Tanga na kusema si sahihi. Hapakuwa na kosa. Nikaandika pembeni kwamba ichapwe, na mkono ukawa unaandika vizuri tu, na mimi nikawa nalia kwa sauti, mpaka wanawake wa dukani wakanyamaza kushindana na shemeji akasema, kwa upole, kwamba anayelia ni mwenye duka.